Msimamizi aliyegeuza jicho pofu

Msahihishaji aliyazungushia maneno matatu wino mwekundu, akaandika pembeni "neno kwa neno", kisha akaweka sifuri kwa sentensi nzima. Mtahiniwa akakata rufaa. Karatasi ilinifikia kwa sababu mwaka ule kazi ya kupitia rufaa za sehemu ya tafsiri ilikuwa yangu, na nilipoisoma barua iliyoambatanishwa nikaona kwamba haifanani na nyingi ninazozisoma. Wengi huandika kuomba kufikiriwa. Huyu alibisha, tena kwa hoja zilizopangwa, na mojawapo ilikuwa sahihi kabisa.

Swali lilitaka kifungu kifupi cha Kiingereza kitafsiriwe kwa Kiswahili. Kifungu chenyewe kilikuwa sehemu ya ripoti ya kamati iliyochunguza upotevu wa mizigo ghalani. Mwongozo wa usahihishaji uliitafsiri sehemu inayotuhusu hivi:

"Kwa miezi kadhaa mizigo ilitoka ghalani bila hati. Msimamizi aliyafumbia macho mazoea hayo, kwa kuwa waliohusika walikuwa rafiki zake. Kamati inapendekeza awajibishwe sawasawa na waliochukua mizigo."

Sentensi ya pili ndiyo iliyoleta mzozo. Mtahiniwa aliiandika hivi:

"Msimamizi aligeuza jicho pofu kwa mazoea hayo, kwa kuwa waliohusika walikuwa rafiki zake."

Anayejua Kiingereza ataitambua mara moja nahau iliyolala chini ya maneno haya, kwa hiyo sina haja ya kuinakili. Waingereza wanapoitumia humaanisha kwamba mtu ameliona jambo baya, au walau amelijua, kisha kwa makusudi akafanya kana kwamba halipo. Uzito wote uko kwenye makusudi. Asiyejua kwamba mizigo inaibwa hawezi kusemwa kwa nahau hiyo, hata kama uzembe wake ndio ulioufungulia wizi mlango.

Sasa msahau Mwingereza. Mchukueni msomaji ambaye hajaiona matini chanzi, naye ndiye ambaye tafsiri huandikwa kwa ajili yake. Niliwapa sentensi ya mtahiniwa walimu wenzangu wawili bila kuwaambia imetoka wapi, nikawauliza msimamizi huyu amefanya nini. Wa kwanza alisoma mara mbili, akasema inaonekana msimamizi ana chongo, na upande wa jicho lile ndio uliokuwa umeelekea kwenye mizigo, kwa hiyo hakuona. Wa pili alishika neno "jicho" peke yake. Kwa Kiswahili jicho likitumwa kwa mtu au kwa kitu, mara nyingi huwa la husuda, na yeye akadhani msimamizi aliwaonea kijicho rafiki zake waliokuwa wakifaidika bila yeye. Nilipomuuliza basi "pofu" linafanya kazi gani hapo, akacheka, akasema labda ni husuda iliyompofusha.

Majibu haya mawili yanaonyesha kosa vizuri kuliko maandishi ya pembeni. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba sentensi haieleweki. Wote wawili waliielewa, kila mmoja kivyake, na wote wawili wakaelewa kitu ambacho kamati haikukisema. Nahau inayotafsiriwa neno kwa neno ikatoa upuuzi mtupu, kama vile mvua kunyesha paka na mbwa, si ya hatari sana, maana msomaji hushtuka na kujua kwamba mtafsiri ameteleza. Hatari iko pale inapotoa sentensi inayosomeka. Mona Baker, aliyeshughulikia tatizo hili kwa kirefu mwaka 1992, anaziita nahau za namna hii zinazohadaa, kwa kuwa zina maana ya juujuu inayoweza kukubalika. Jicho pofu ni mojawapo. Wapo watu wenye jicho pofu, na jicho hugeuzwa.

Tazameni pia kile kinachotokea kwenye sentensi ya tatu. Kamati inapendekeza msimamizi awajibishwe sawasawa na waliochukua mizigo. Kwa nini sawasawa? Kifungu hakisemi popote kwamba aliwaona wakibeba, wala kwamba aligawana nao. Ushahidi wa kwamba alijua umebebwa na nahau peke yake. Ukiisoma tafsiri ya mtahiniwa kama alivyoisoma mwalimu wa kwanza, kamati inataka kumwadhibu mtu kwa ugonjwa wa macho. Ukiisoma kama wa pili, inataka kumwadhibu kwa wivu. Kwa vyovyote vile pendekezo limebaki bila mguu wa kusimamia. Ndiyo sababu sikukubali, tangu mwanzo, kwamba hili lihesabiwe kuwa kosa la mtindo. Kosa la mtindo huiacha hoja ya matini ikiwa nzima.

Barua ya rufaa ilikuwa na hoja tatu.

Ya kwanza ilihusu lile neno la msahihishaji. Mtahiniwa alisema hakutafsiri neno kwa neno, na akaeleza kwa nini. Wanafunzi wa tafsiri hufundishwa kwamba tafsiri ya neno kwa neno huufuata hata mpangilio wa maneno wa lugha chanzi, ilhali tafsiri sisisi hushika sarufi ya lugha lengwa ingawa maneno huchukuliwa kwa maana zao za msingi, nje ya muktadha. Angetafsiri neno kwa neno, alisema, angeandika "aligeuza pofu jicho", kwa sababu Kiingereza hutanguliza kivumishi. Yeye alikipeleka kivumishi baada ya nomino, akaondoa kile kineno cha Kiingereza cha kuonyesha umoja ambacho Kiswahili hakina, na akakipatanisha kivumishi na ngeli ya jicho. Hiyo ni sisisi.

Hapo alikuwa sahihi, na nilimwandikia hivyo. Msahihishaji alitumia jina la kawaida, lile ambalo sote hulitumia tukizungumza, ambapo fasiri yoyote inayong'ang'ania maneno huitwa ya neno kwa neno. Kwenye karatasi ya mtihani wa somo hilohilo mtu anategemea istilahi zitumike kwa maana yake. Lakini ushindi wa jina haukumpeleka mbali. Sarufi ya Kiswahili ikiwa safi, msomaji hana kengele ya kumwonya. "Aligeuza pofu jicho" ingemfanya asimame na kuuliza. "Aligeuza jicho pofu" humpitisha moja kwa moja hadi kwenye maana isiyo yake. Kwa nahau, basi, sisisi inaweza kuwa mbaya kuliko ile ya neno kwa neno.

Hoja ya pili ilikuwa ya uaminifu. Mtahiniwa alisema taswira ya jicho pofu ni mali ya mwandishi, ina historia yake, na mtafsiri hana ruhusa ya kuitupa. Alikumbusha kisa cha Admeri Nelson, ambaye macho ya Waingereza humtazama kila nahau hii inapotajwa: kwamba katika mapigano ya Kopenhageni mwaka 1801 mkubwa wake alipandisha bendera za kumwamuru arudi nyuma, naye akaiweka darubini kwenye jicho lake la kulia, lililopoteza nuru tangu alipojeruhiwa huko Korsika mwaka 1794, akasema haioni ishara yoyote. Kisa kinasimuliwa hivyo, na ni kitamu. Kisha akamtaja Peter Newmark, ambaye mwaka 1988 aliitetea tafsiri sisisi akasema haina haja ya kuogopwa.

Newmark kweli alisema hivyo, ila aliweka sharti, nalo ndilo wanafunzi wengi hulisahau. Tafsiri sisisi kwake ni halali, hata ni mahali pa kuanzia, iwapo inatoa maana ileile na athari ileile iliyo kwenye matini chanzi. Sharti hilo ndilo lililoanguka hapa, kama walimu wawili walivyoonyesha bila kujua. Na kuhusu Nelson, swali la kujiuliza ni kama aliyeiandika ripoti ya ghala alikuwa akimfikiria. Hakuwa. Nahau ikishatumika kwa muda mrefu taswira yake hufa machoni pa wenye lugha. Mwingereza anayesoma kwamba msimamizi amefanya hivyo haoni jicho lolote, kama sisi tunavyosema mtu amepiga moyo konde bila kuona ngumi. Kuifufua taswira iliyokufa kwenye chanzi na kuiweka hai kwenye lengwa ni kuongeza kitu ambacho mwandishi hakukiweka, na nyongeza ya namna hiyo haiwezi kuitwa uaminifu.

Kungekuwa na neno lingine kama kifungu kingekuwa hadithi, na mhusika akawa ni chongo kweli, na mwandishi anacheza na maana mbili kwa pamoja. Hapo mtafsiri angekuwa na shida ya haki, na pengine ningeivumilia taswira. Ripoti ya kamati haichezi.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonichukua muda. Mtahiniwa aliandika kwamba Kiswahili kimejaa nahau za kigeni zilizotafsiriwa hivihivi na hakuna anayezikataa. Tunasema vita baridi, tunasema pazia la chuma, tunasema mwanariadha amevunja rekodi. Mtu wa kwanza kusema "vita baridi", aliuliza, naye alipewa sifuri?

Ni swali zuri, na jibu lake limo katika namna misemo hiyo ilivyoingia. Vita baridi ni jina la kitu ambacho hakikuwa na jina kwetu, uhasama wa madola makubwa yasiyofyatuliana risasi. Jina lilikuja likiwa limefungwa pamoja na maelezo, likarudiwa redioni na magazetini miaka nenda miaka rudi, mpaka anayelisikia hatafuti tena ubaridi ndani yake. Rekodi nayo iliingia na michezo yenyewe. Jicho pofu halina nafasi ya wazi ya kujaza. Kuna kufumbia macho, ambako kila msemaji anakujua, na kuna misemo mingine ya jirani. Msemo wa kigeni unaokuja kukaa kwenye kiti chenye mtu unahitaji sababu, na "nilikuta kwenye kamusi" haitoshi.

Ningeongeza kwamba hata ile iliyokwisha kuzoeleka haiachi kusumbua. Siku hizi wengi husema "mwisho wa siku" wakimaanisha hatimaye, kwa kufuata Kiingereza. Andika "mwisho wa siku wafanyakazi walilipwa" kwenye ripoti, kisha uliza kama walilipwa jioni ile au baada ya mvutano wa miezi. Sina hakika hata aliyeandika atajibu bila kufikiri. Mtihani wa tafsiri si mahali pa kuanzisha misemo. Mtahiniwa hana miaka wala redio ya kuuzoesha msemo wake, ana msomaji mmoja anayeusoma mara moja.

Kamusi aliitaja mwenyewe. Mtihani uliruhusu kamusi ya lugha mbili, naye aliangalia kitenzi, akaangalia kivumishi, akaangalia nomino, na kila kimoja akakuta kisawe chake pale juu. Alichokosa ni kuteremka. Kwenye kamusi kubwa nahau huwekwa ndani ya kidahizo cha mojawapo ya maneno yake, chini, baada ya maana za kawaida, na aghalabu chini ya nomino au kivumishi kuliko chini ya kitenzi, kwa kuwa kitenzi kama hiki kina matumizi mengi mno. Anayesimama kwenye maana ya kwanza hataifikia. Na asiyeshuku kwamba kuna nahau hana sababu ya kuteremka.

Kwa hiyo kilichomkwamisha hasa ni kutoshuku, na kifungu kilikuwa kimempa sababu za kushuku. Hakuna popote kabla ya hapo palipotajwa macho, ugonjwa wala ulemavu wa msimamizi. Jicho linatokea ghafla na kupotea. Tena jicho hilo linageuziwa mazoea, na mazoea si mahali ambapo mtu anaweza kupaelekea kwa kichwa. Ndiyo maana "kwa mazoea hayo" kwenye tafsiri yake linaning'inia: jaribu kusema "aligeuza mguu kwa tabia hiyo" uone. Ishara ya tatu huonekana kwa aliyezoea Kiingereza. Wakifanya hivyo wasimamizi kumi, Mwingereza bado ataandika jicho moja. Jicho la kweli lingefuata idadi ya wenyewe. Umbo likigoma kubadilika namna hiyo, ujue maneno yameshaungana kuwa kitu kimoja, na kitu kimoja hutafutiwa kisawe kimoja.

Nikiwa na karatasi nyingine za mtihani uleule nilitaka kuona wenzake walifanyaje, maana adhabu ya mmoja hupimwa kwa jinsi wengine walivyosahihishwa. Majibu yalikuwa ya kuelimisha.

Walioandika "aliyafumbia macho mazoea hayo" walipata alama zote. Hapa Kiswahili kina bahati: maana ileile, na macho pia yamo. Baker anaitaja njia hii ya kwanza katika orodha yake, nahau ya maana sawa na umbo linalokaribiana. Lakini bahati yenyewe ina mtego wa sarufi. Mmoja aliandika "msimamizi alifumba macho, kwa kuwa waliohusika walikuwa rafiki zake". Bila kile kiambishi cha kutendea, mtu anayefumba macho amesinzia, au amefariki, maana ndivyo tunavyosema kwa heshima. Ni "-fumbia", yenye yambwa anayefumbiwa, ndiyo inayobeba maana ya kujua na kuacha. Herufi moja inatenganisha msimamizi mla njama na msimamizi marehemu.

Walioandika "alijifanya haoni yaliyokuwa yakitendeka" nao walipata alama zote, na kwa maoni yangu walistahili. Nahau imefunguliwa ikawa maelezo ya kawaida, na "alijifanya" limeubeba ule uamuzi wa makusudi bila kumung'unya. Kinachopotea ni ufupi tu. Mtu asiyekumbuka nahau ya Kiswahili akiwa chumba cha mtihani, hii ndiyo njia yake ya kwanza ya kukimbilia, na ningependa wanafunzi waiamini zaidi kuliko wanavyoiamini. Wengi huona kama ni kushindwa.

"Alijitia hamnazo" iliandikwa na mmoja. Nilipoiona nilitabasamu, kwa sababu kwa maana haina kasoro. Mtu anayejitia hamnazo anajua kila kitu na anajifanya hajui. Msahihishaji aliikata alama moja ya ufasaha. Ni msemo wa mazungumzo, una kejeli ndani yake, na kamati haikukaa kumkejeli mtu. Katika tamthilia ningeuchagua kuliko yote. Katika ripoti, nakubaliana na msahihishaji, ingawa mwenzangu mmoja alibisha kwamba alama nzima ni nyingi kwa kosa hilo, na sidhani kwamba amekosea sana.

Jibu la "aliyapuuza mazoea hayo" lilipewa nusu ya alama ya kishazi kikuu. Kupuuza ni kutolipa jambo uzito. Mtu anaweza kupuuza kwa sababu anadhani ni dogo, na hiyo ni dharau au uzembe, haijafika kwenye kushirikiana. Inaelekea upande unaotakiwa lakini haifiki. Na jibu la "hakuyaona mazoea hayo" lilipata sifuri ya kishazi hicho, na hapa hakuna aliyelalamika. Aliyeandika hivyo aliitambua nahau, akajua inahusu kutokuona, akaifungua vibaya. Amegeuza hatia ikawa udhuru.

Hili la mwisho lilinisaidia kuamua, kwa sababu sentensi ya mtahiniwa wetu, ikisomwa na msomaji wa haki, inaangukia palepale: msimamizi hakuona. Haikuwa haki ipewe zaidi ya "hakuyaona". Haikuwa haki pia ipewe chini yake.

Na chini ndiko ilikopelekwa. Mwongozo uliipa sentensi alama 4: moja ya maana ya kishazi kikuu, moja ya maana ya kishazi cha sababu, moja ya sarufi na moja ya ufasaha. Msahihishaji alipoliona jicho pofu alikasirika, nadhani, akafuta zote nne. Lakini "kwa kuwa waliohusika walikuwa rafiki zake" ni tafsiri sahihi isiyo na doa. Alama yake ilikuwepo na haikuguswa na nahau. Sarufi nayo ilinipa kazi kidogo kwa sababu ya lile "kwa mazoea hayo" linaloning'inia. Nililihesabu kuwa zao la kosa lilelile la nahau, maana alilitafsiri kihusishi cha Kiingereza kilichokuwa sehemu ya nahau, na kosa moja halikatwi mara mbili. Vinginevyo upatanisho ulikuwa sahihi, nyakati zilikuwa sahihi. Alama ya ufasaha sikuirudisha.

Tabia ya kufuta sentensi nzima kwa nahau moja inatokana, naona, na jinsi kosa lenyewe linavyochekesha. Kosa la kuchekesha huonekana kubwa. Wapo waliojiwekea kinga dhidi ya hilo kwa kupima madhara kwa mizani. Chama cha Watafsiri cha Marekani, kwenye mtihani wake wa kuidhinisha watafsiri, hukata kwa kila kosa pointi 1, 2, 4, 8 au 16, kutegemea ni kiasi gani kosa limemharibia msomaji uelewa, na anayejumlisha pointi zisizozidi 17 hufaulu. Tafsiri sisisi imo katika orodha yao ya aina za makosa. Katika mpango kama huo jicho pofu lingekatwa sana kwenye ripoti hii, ambako linaficha hatia, na kidogo kwenye kifungu ambacho sentensi iliyotangulia imeshasema kwamba msimamizi alijua. Nahau ni ileile, sentensi ni ileile, na adhabu inatofautiana kwa sababu ya yale yaliyoizunguka. Mpango wa alama 4 hauna nafasi ya kupambanua hivyo, ila unaweza kumzuia msahihishaji asivuke kishazi kilichokosewa.

Rufaa ilikubaliwa kwa sehemu. Mtahiniwa alitoka sifuri akafikia alama 2 kati ya 4, na maandishi ya pembeni yakabadilishwa yakasomeka: "Tafsiri sisisi ya nahau, maana imepotoka, tazama sentensi ya tatu." Nilisisitiza hayo maneno ya mwisho yawepo. "Neno kwa neno" lilimwambia alichofanya, naye akabisha kwa sababu alikuwa amefanya kitu kingine. Kuelekezwa kwenye sentensi ya tatu kungemfanya aulize mwenyewe kwa nini kamati inamtaka mtu huyu awajibishwe.

Alijibu barua yangu kwa kifupi. Alishukuru kwa alama mbili, akauliza kama "aliyanyamazia mazoea hayo" lingekubaliwa. Nilifikiri, nikamwambia ndiyo, kwa alama ya maana: anayenyamazia jambo amelijua, na ukimya wake ni uamuzi. Ufasaha pia haudhuriki. Tofauti iliyobaki ni kwamba kunyamazia humshtaki mdomo, kwamba hakusema, wakati nahau ya Kiingereza humshtaki jicho, kwamba alikataa kuona. Na kwa msimamizi wa ghala, ambaye kazi yake ni kutoa taarifa, huenda kunyamaza ndilo shtaka lenyewe hasa. Nimeliongeza jibu hilo kwenye mwongozo.